Kufupisha kesi ya JCPenney bila kuiua

Kwenye darasa letu la jioni la masoko, maeneo ya Posta, kila wiki kundi moja huleta kesi iliyofupishwa kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa una sehemu tano: hali, tatizo, njia zilizokuwepo, uamuzi na mafunzo. Kesi yenyewe huwa na kurasa ishirini na zaidi pamoja na majedwali nyuma, na tuseme ukweli, wanaoimaliza ni wachache. Mtu ametoka kazini saa kumi na moja, mwendokasi umeshonana, anaingia darasani akiwa bado na mfuko wa chipsi mkononi. Kwa hiyo ule ukurasa mmoja ndio kesi. Ukiandikwa vibaya, mjadala wa saa nzima unaisha dakika ya tano, na aliyebaki kuongea ni mimi peke yangu.

Leo nachukua kesi moja tu, ya mnyororo wa maduka ya Marekani unaoitwa JCPenney, nionyeshe ilivyofupishwa na ilipokwama. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, inahusu bei na punguzo, na hakuna mkazi wa Dar ambaye hana maoni juu ya hayo. Pili, mwisho wake unajulikana na ni mbaya, na kesi yenye mwisho mbaya unaojulikana ndiyo ngumu kuliko zote kuifupisha.

Kisa chenyewe ni hiki. JCPenney ilikuwa na maduka kama 1,100 nchini Marekani, ikiuza nguo, viatu, mashuka, mapazia na vyombo vya nyumbani kwa watu wa kipato cha kati. Mauzo yake yalikuwa dola bilioni 19.9 mwaka 2006, yakashuka hadi bilioni 17.3 mwaka 2011. Kilichoibakiza hai ni punguzo. Mwaka 2011 peke yake kampuni iliendesha promosheni 590, yaani zaidi ya moja kwa siku. Karibu robo tatu ya mapato yalitoka kwenye bidhaa zilizopunguzwa nusu bei au zaidi, na zilizouzwa kwa bei kamili hazikufikisha hata asilimia 1 ya mapato. Kwa maneno mengine, ile bei kamili ilikuwa pambo. Ilibandikwa ili ikatwe.

Novemba 2011 akaingia mkurugenzi mkuu mpya, Ron Johnson, mtu aliyejenga maduka ya Apple baada ya kufanya kazi miaka mingi Target, mnyororo mwingine wa maduka wa Marekani. Nyuma yake alikuwepo Bill Ackman, mwekezaji aliyenunua hisa nyingi za kampuni na kutaka mabadiliko ya haraka. Tarehe 25 Januari 2012 Johnson akatangaza mpango wake, na tarehe 1 Februari ukaanza kazi kwenye maduka yote kwa mpigo. Kuponi basi. Bei za kila siku zikashushwa kwa kiasi cha asilimia 40 kutoka zile za kwenye lebo za zamani, zikaandikwa kwa tarakimu kamili bila senti 99 mwishoni. Kulikuwa na ngazi tatu: bei ya kila siku, bei ya mwezi kwa bidhaa za msimu, na bei ya mwisho kwa mali inayoondolewa, iliyotolewa Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Wakati huohuo alibadili nembo na kuanza kugawa maduka yawe vijiduka vya chapa mbalimbali ndani ya jengo moja.

Yaliyofuata yanajulikana, na nitayafikia. Kwa sasa naomba uyaweke pembeni, maana hapo ndipo kundi lililoleta kesi hii lilipoteleza.

Rasimu yao ya kwanza, kwenye sehemu ya tatizo, ilisema: "Mkurugenzi mpya aliondoa punguzo bila kufanya utafiti wa wateja." Sentensi safi, sarufi haina doa. Lakini hilo si tatizo, ni hukumu. Imetolewa na mtu aliyesoma ukurasa wa mwisho kwanza. Ukiiweka mbele ya watu thelathini, wote wanajua jibu kabla hawajakaa: angefanya utafiti. Hakuna wa kumtetea Johnson, na bila mtu wa kumtetea hakuna mjadala, kuna watu thelathini wanaomcheka mzungu mmoja.

Dawa yake ni kuchagua siku. Kila kesi ya uamuzi ina siku ambayo mhusika alikaa mezani, hajui kesho, na lazima aseme neno. Kwa kesi hii siku hiyo iko kati ya Novemba 2011 na Januari 2012. Sehemu tatu za kwanza za ukurasa lazima ziandikwe na mtu aliyesimama siku hiyo. Jambo lolote lililotokea baada ya hapo haliruhusiwi kuingia, hata kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ni vivumishi. Ukiandika "uamuzi wa pupa" au "mpango hatari" kwenye sehemu ya hali, umeshavujisha mtihani.

Kuna dalili nyingine ya kutambua tatizo lililoandikwa vibaya, nayo ni neno "ukosefu" au ndugu zake. "Ukosefu wa utafiti", "kutokuwa na mkakati mzuri wa bei". Sentensi ya namna hiyo imebeba suluhisho tumboni: kama tatizo ni ukosefu wa utafiti, basi jibu ni utafiti, twende nyumbani. Mimi huwaambia wanafunzi wajiulize kitu kimoja tu. Je, watu wawili wenye akili zao, wakisoma sentensi hii, wanaweza kujibu tofauti na wote wakawa na hoja? Kama hawawezi, andika upya.

Kundi lilirudi na sentensi hii, na nadhani ndiyo sentensi bora waliyoandika muhula mzima: "Kampuni itajinasuaje kwenye utegemezi wa punguzo, wakati wateja ilio nao ndio hao iliowazoesha kusubiri punguzo?" Hapo kuna mvutano. Ukiendelea na punguzo, faida inaliwa na bei zinaendelea kuwa uongo wa wazi. Ukiacha, unamgusa mtu pekee aliyebaki anakuletea pesa. Jina la Johnson halimo, na halihitajiki.

Tatizo likikaa sawa, sehemu ya hali inajipunguza yenyewe, maana sasa una kipimo cha kukatia. Kipimo changu ni hiki: je, habari hii ikiondoka, kuna mtu darasani atakayebadili kura yake? Mwaka wa kuanzishwa, 1902, uondoke. Makao makuu Texas, yaondoke. Nembo mpya iondoke, ingawa kundi lilishikilia sana nembo kwa sababu ilikuwa na picha nzuri. Kesi ya mahakamani na mshindani wake, mnyororo wa maduka wa Macy's, kuhusu bidhaa za Martha Stewart inanoga kuisimulia, lakini haigusi bei, nayo ikaondoka.

Viwili vilileta ubishi. Cha kwanza ni Ackman. Wengine walisema huyo ni mambo ya fedha, hayahusu masoko. Mimi nilitaka abaki, hata kwa nusu sentensi, kwa sababu anaeleza kwa nini muda ulikuwa mfupi. Bila yeye, mtu atauliza kwa nini hawakwenda polepole na jibu pekee litakuwa kiburi cha mkurugenzi. Kukiwa na mwekezaji mkubwa kwenye bodi anayesukuma mabadiliko, kwenda polepole nako kuna gharama, na kura zinahama.

Cha pili ni vile vijiduka ndani ya duka. Kundi liliviondoa ili kesi ibaki ya bei peke yake, na kwa jicho la mwandishi uamuzi huo unaeleweka, ukurasa unakuwa mwembamba na safi. Lakini ni usafi wa kudanganya. Kama kampuni ilibadili bei, mwonekano wa duka na matangazo katika msimu mmoja, halafu wewe ukaandika bei tu, darasa litabebesha bei mzigo wote wa matokeo. Ukifupisha kesi yenye mabadiliko matatu ya wakati mmoja, lazima yote matatu yatajwe, hata kama moja tu ndilo linalojadiliwa. Sentensi moja inatosha.

Takwimu ziwe chache. Tulibakiza nne: mauzo yaliyoshuka kati ya 2006 na 2011, promosheni 590, ile robo tatu iliyouzwa kwa nusu bei au chini, na idadi ya maduka. Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia. Kampuni nyingi za rejareja za Marekani hufunga mwaka wa fedha mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, ili msimu wa Krismasi na marejesho yake viishie kwenye mwaka mmoja. Mwaka wa fedha 2012 wa JCPenney uliisha tarehe 2 Februari 2013. Mwanafunzi akichanganya mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda, anaweza kuandika matokeo ya uamuzi yakaonekana yalitokea kabla ya uamuzi wenyewe. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Sasa njia zilizokuwepo. Hapa ndipo uvivu huonekana. Makundi mengi huandika tatu: kutofanya lolote, kufanya alichofanya mhusika, na ya katikati. Ya kwanza imewekwa ili ipigwe teke na ya tatu ndiyo jibu la mwalimu. Hizo si njia. Njia halisi ni ile ambayo ungeweza kumkuta mtu ndani ya jengo lile anaitetea kwa dhati, na unaweza kutaja itamgharimu nini.

Kwa JCPenney tulipata nne. Kupunguza promosheni kutoka 590 hadi idadi ndogo yenye mvuto, huku kuponi zikibaki. Kuhamia bei za kudumu kwenye maduka yote siku moja. Kujaribu bei za kudumu kwenye maduka machache kwa msimu mmoja kabla ya kuamua. Na kugawa bidhaa: soksi, taulo, mashuka na nguo za ndani ziwe na bei moja ya kudumu, nguo za mtindo ziendelee na punguzo.

Kila moja iliandikiwa gharama yake. Njia ya kujaribu kwanza, ambayo leo kila mtu anaiona ya busara, ilikuwa na gharama ya kweli. Matangazo mengi ya televisheni ya kampuni kubwa Marekani hununuliwa kwa nchi nzima. Huwezi kutangaza kwamba kuponi zimekwisha wakati maduka elfu moja bado yanazikubali. Washindani wangeona jaribio na kujipanga. Na msimu mzima ungepita mauzo yakiendelea kushuka. Johnson mwenyewe, kwa mujibu wa taarifa nyingi za wakati ule, alipoulizwa kuhusu majaribio alijibu kwamba Apple hawakuwa wanajaribu. Jibu hilo linasikika la ovyo leo, lakini siku ile lilitoka kwa mtu ambaye maduka aliyoyajenga yalikuwa yanauza kuliko karibu maduka yote duniani kwa kila mita ya mraba.

Upande wa pili kulikuwa na ushahidi uliokuwa wazi siku hiyohiyo, na kundi lilistahili pongezi kuuchimba. Kampuni inayomiliki Macy's ilipoinunua May, mnyororo mwingine wa maduka, mwaka 2005 na kubadilisha maduka yake kuwa ya Macy's mwaka uliofuata, ilipunguza kuponi ambazo wateja wa May walizizoea. Wateja wakakasirika, mauzo yakayumba, na Macy's ikarudisha kuponi. Habari hiyo ilikuwa kwenye magazeti miaka minne kabla ya Johnson kuketi kwenye kiti. Inaruhusiwa kuingia kwenye ukurasa kwa sababu ilijulikana kabla ya siku ya uamuzi. Huo ndio mpaka, na hauangalii kama habari inampendelea mhusika au inamuumiza.

Hivi ndivyo sehemu nne za kwanza zilivyosomeka mwishoni:

Hali. Mwisho wa 2011 JCPenney ina maduka kama 1,100 Marekani. Mauzo yameshuka kutoka dola bilioni 19.9 (2006) hadi 17.3. Mwaka huu imeendesha promosheni 590, na karibu robo tatu ya mapato imetokana na bidhaa zilizopunguzwa nusu bei au zaidi. Sehemu kubwa ya nguo zake ni chapa zake yenyewe, hazipatikani kwingine. Mwekezaji mkubwa yuko kwenye bodi na anataka mabadiliko ya haraka. Mkurugenzi mpya anatoka Apple. Anapanga pia kugawa maduka kuwa vijiduka vya chapa.

Tatizo. Kampuni itajinasuaje kwenye utegemezi wa punguzo, wakati wateja ilio nao ndio hao iliowazoesha kusubiri punguzo?

Njia. (a) Promosheni chache, kuponi zibaki: wateja hawashtuki, lakini utegemezi unabaki. (b) Bei za kudumu kote kwa mpigo: ujumbe mmoja kwa nchi nzima, lakini hakuna pa kurudi. (c) Jaribio kwenye maduka machache: unajifunza, lakini unapoteza msimu na washindani wanaona. (d) Bei za kudumu kwa bidhaa za kawaida, punguzo kwa mitindo: hatari ndogo, lakini mteja anaweza kuchanganyikiwa. Ushahidi uliopo: Macy's ilipunguza kuponi baada ya kuinunua May, ikalazimika kuzirudisha.

Uamuzi. Njia (b), kuanzia 1 Februari 2012. Hoja ya mkurugenzi: mteja anajua bei za lebo ni za uongo, anachoka kuwinda kuponi, na atathamini bei ya chini iliyo wazi.

Ukiangalia, sehemu ya uamuzi ina hoja ya aliyeamua, ikiandikwa kama ambavyo yeye angeiandika. Hapa wanafunzi hupata taabu. Kumwandikia mtu hoja yake vizuri wakati unajua alianguka kunahitaji kujizuia. Lakini bila hiyo, mafunzo yatakuwa matusi.

Mafunzo hayamo kwenye ukurasa huo. Yanakaa kwenye karatasi ya pili, na haigawiwi mpaka kura ipigwe. Sehemu nne za kwanza zinasomwa kimya, halafu kila mtu anaandika herufi moja kwenye kijikaratasi kabla ya yeyote kufungua mdomo, maana akianza kuongea yule anayefanya kazi benki, nusu ya darasa watamfuata.

Jioni ile kura nyingi zilikwenda kwa (b). Watu walimpenda Johnson. Walichoka na bei za uongo kama yeye. Kaka mmoja alisema wazi: "Mwalimu, mimi nikiingia duka lenye bei ukutani naheshimu. Haya mambo ya kuambiwa laki halafu unanunua kwa elfu arobaini ni kudharauliana."

Aliyegeuza mjadala ni dada anayeuza madera Mtaa wa Congo, Kariakoo. "Mteja akija nikamwambia elfu kumi na tano haipungui, anaweka nguo anaondoka," alisema. "Nikimwambia elfu ishirini na mbili, tukazungumza, akatoa elfu kumi na sita, anaondoka anacheka. Na amelipa zaidi."

Hapo kesi ilifunguka, na ndiyo faida ya kutowapa matokeo mapema. Alichokisema kina jina kubwa katika taaluma. Mwanauchumi Richard Thaler aliandika mwaka 1985 kwamba mnunuzi hupata raha mbili tofauti: moja ya kitu chenyewe, nyingine ya dili, yaani tofauti kati ya bei aliyoitarajia na aliyolipa. Mteja wa JCPenney aliyenunua blauzi kwa dola 16 kutoka lebo ya 40 alipata raha zote mbili. Aliyeikuta kwa dola 16 kila siku alipata ya kwanza tu. Pesa ni ileile, na duka halikupata faida ya ziada, lakini kwa mteja kuna kitu kimepungua. (Hiyo blauzi ni mfano wangu, si bidhaa iliyotajwa kwenye kesi.)

Ila kaka anayefanya kazi supamaketi hakukubali, na vizuri hakukubali. "Mbona kwetu hakuna anayebishana bei ya sukari? Na wanajaa." Walmart nayo imejengwa juu ya bei ya chini ya kila siku, na haikufa. Tulikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga, na jibu lilipatikana kwenye sentensi moja ya sehemu ya hali ambayo kundi lilikaribia kuifuta: kwamba nguo nyingi za JCPenney zilikuwa chapa zake yenyewe. Bei ya kilo ya sukari kila mtu anaijua. Akiiona kwako ni ndogo, anajua ni ndogo. Blauzi ya chapa ambayo haiuzwi kwingine, mteja ataijuaje kama dola 16 ni rahisi au ghali? Lebo ya 40 iliyokatwa, hata kama ni ya uongo, ndiyo ilikuwa rula pekee aliyokuwa nayo. Johnson aliondoa rula akabakiza namba.

Dada wa madera alilimaliza kwa vitendo zaidi yangu: alisema kanga za kawaida huziuza kwa bei moja na hakuna anayelalamika, kwa sababu mtaa mzima bei ni hiyohiyo. Hiyo ni njia (d), ambayo haikuwa imepata kura nyingi kabla hajaongea.

Karatasi ya pili ikagawiwa. Mauzo ya mwaka wa fedha 2012: dola bilioni 13.0. Hasara: dola milioni 985. Robo ya mwisho, yenye Krismasi ndani yake, mauzo ya maduka yaliyokuwepo mwaka uliotangulia yalishuka kwa karibu asilimia 32. Tarehe 8 Aprili 2013 Johnson akaondolewa na mkurugenzi wa zamani, Myron Ullman, akarudishwa. Kutoka 17.3 hadi 13.0 ni anguko la karibu asilimia 25, na kwa kweli namba hiyo inapunguza makali ya anguko lenyewe, kwa sababu mwaka huo wa fedha ulikuwa na wiki 53 badala ya 52.

Sasa mafunzo, na hapa nilikuwa mkali. Rasimu ya kwanza ilikuwa na manne, mojawapo likisema "ni muhimu kumjua mteja wako." Nilimwomba msomaji wa kundi aniambie kesi ambayo fundisho hilo lingekuwa si kweli. Hakupata. Basi halitufundishi chochote kuhusu JCPenney. Fundisho linalostahili wino lina sharti ndani yake, na mtu anaweza kulipinga kwa mfano.

Walibaki na mawili. La kwanza: bei ya kudumu inahitaji mteja awe na namna nyingine ya kujua kwamba ni ndogo; kwa bidhaa isiyolinganishika, kuondoa bei ya marejeo huondoa sehemu ya thamani. Unaweza kulibishia hilo kwa kutafuta duka la chapa yake pekee lililofanikiwa bila punguzo, na yapo, kwa hiyo mjadala unaendelea. La pili: mabadiliko yasiyoweza kurudishwa nyuma yana gharama tofauti na yanayorudishika, na gharama hiyo ihesabiwe siku ya uamuzi. Hili lilitoka kwenye takwimu ambayo mwanafunzi mmoja alikwenda kuitafuta mwenyewe. Kuponi zilirudi, Ullman alirudi, lakini mauzo ya mwaka wa fedha 2013 yakashuka tena, hadi dola bilioni 11.9.

Takwimu hiyo iliniongezea kazi, na nafurahi. Kama punguzo peke yake ndilo lililoshusha mauzo, kulirudisha kungeyapandisha, angalau kidogo. Hayakupanda. Inawezekana wateja walishahamia kwingine na mazoea mapya. Inawezekana idara za vyombo vya nyumbani, zilizokuwa zinajengwa upya mwanzoni mwa 2013, zilichangia. Inawezekana bidhaa zenyewe zilizobadilishwa ziliwachosha wale wateja wa zamani. Kesi haiwezi kutenganisha hayo, kwa sababu yote yalifanyika pamoja na hakuna duka hata moja lililoachwa kama lilivyokuwa ili lilinganishwe. Ndiyo maana nilitaka vile vijiduka vibaki kwenye sehemu ya hali.

Chini ya karatasi ya pili, badala ya fundisho la tatu, kundi liliandika swali: ungeacha maduka mangapi bila kuyagusa, na ungemwambia nini mwekezaji anayeuliza kwa nini? Yule wa benki alisema hamsini. Wa supamaketi alisema hata kumi yanatosha kama yamechaguliwa kwenye miji inayofanana na mingine. Muda uliisha wakibishana jinsi ya kuichagua hiyo miji.